Aliyelipa Deni la Wawili

Msomaji wangu, neno «mchango» umelizoea katika habari za arusi na misiba, ambapo kila mtu hutoa alichonacho kwa hiari. Mahakamani neno hilo lina sura nyingine. Huko, mchango ni fungu ambalo mkosaji aliyelipa fidia yote humdai mkosaji mwenzake, naye hutozwa apende asipende.

Chukua mfano wa kubuni. Katika barabara ipitayo mbele ya wizara huko Kacyiru, pikipiki ya abiria (wenyeji wa Kigali huiita «moto», usidhani kuna kinachoungua) inalipita gari pasipostahili. Papo hapo lori dogo linatoka langoni bila dereva kutazama. Abiria anavunjika mguu. Mahakama inaamuru alipwe faranga 6,000,000, na inawatia hatiani wote wawili, mwenye pikipiki na mwenye lori, kwa pamoja na kila mmoja peke yake.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Maana yake ni kwamba majeruhi anaweza kuzidai faranga zote kwa yeyote kati yao. Tuseme mwenye lori hapatikani, lakini mwenye pikipiki anajulikana hadi mlango wake. Anauza kiwanja, analipa milioni 6 zote, na abiria anakwenda zake. Je, mwenye lori amesalimika?

Uingereza ilipata kujibu kwamba amesalimika. Katika kesi ya Merryweather na Nixan ya mwaka 1799, watu wawili walihukumiwa kulipa pauni 840 kwa sababu ya hasara waliyoitia mali ya kinu. Merryweather peke yake alitozwa zote. Alipodai nusu kwa Nixan, jaji mkuu, Lodi Kenyon, alikataa, kwa kuwa mtenda kosa hawezi kuujenga mdai wake juu ya kosa lake mwenyewe. Naona hoja hiyo ilikuwa dhaifu tangu siku ya kwanza. Haikumwadhibu mkosaji, ilimwadhibu yule aliyekamatwa kwanza na kumtuza aliyejificha. Bunge la nchi hiyo liliiondoa kanuni hiyo mwaka 1935, na Kenya ina kifungu cha namna hiyohiyo katika Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26.

Rwanda ilifika kwa njia nyingine. Sheria yake ya madeni na mikataba ilitokana na amri ya mwaka 1888 ya Kongo, iliyofuata mkondo wa Ubelgiji na Ufaransa. Katika mkondo huo, aliyelipa deni la pamoja humdai kila mwenzake fungu lake tu. Mwaka 2019 Rwanda ilizifuta sheria zote zilizotungwa kabla ya uhuru, na amri hiyo ilikuwa miongoni mwake. Hata hivyo, hakimu wa Rwanda haruhusiwi kukataa kuamua kwa kisingizio cha kukosa kifungu. Huongozwa na hukumu zilizotangulia, mila, kanuni kuu za sheria na maandishi ya wanazuoni.

Sasa turudi kwa mwenye pikipiki. Atadai kiasi gani? Wako wanaosema nusu, yaani milioni 3, kwa kuwa wakosaji ni wawili. Mimi sikubali kuhesabu vichwa. Dereva atokaye langoni bila kutazama amekosa zaidi, na hakimu akiona kosa lake ni theluthi mbili, mdai ni milioni 4. Lakini kama mwenye pikipiki angekuwa amelipa milioni 2 tu, asingekuwa na cha kudai, maana hajavuka fungu lake. Na mwenye lori akiwa amefilisika, hasara inabaki kwa aliyelipa. Ni uchungu, lakini uchungu huo haustahili kurudishwa kwa abiria ambaye hakukosa lolote.

Mambo huharibika zaidi pale hukumu inaposema «kwa pamoja» na kunyamaza. Aliyelipa hulazimika kufungua kesi mpya, kuita mashahidi walewale, na kuthibitisha upya nani alikosa kiasi gani, huku kumbukumbu zikififia na mwenzake akihamisha mali. Kwa hiyo mdaiwa anayeshtakiwa peke yake aombe mapema mwenzake aingizwe katika kesi hiyohiyo. Kama wameshtakiwa pamoja, amwombe hakimu ataje mafungu yao. Akilipa, atunze stakabadhi zote, kwani bila hizo mwenzake atakana hata kiasi kilicholipwa.

Kwa maoni yangu, mahakimu wasingoje kuombwa. Sentensi moja ingetosha: «Baina ya wadaiwa, mwenye pikipiki atabeba theluthi moja, na mwenye lori theluthi mbili.» Haimpunguzii abiria hata faranga moja, wala haimcheleweshi, na hakimu anayeiandika amekwisha kuwasikia mashahidi wote.