AFYA ZETU: Jino la Kwanza Linapochelewa



Kinywa hutoa habari za mwili kabla ya viungo vingine. Ulimi ukiwa laini, mwekundu na wenye kuchoma, huenda damu imepungukiwa na madini ya chuma au vitamini B12. Fizi zikivuja damu, mara nyingi sababu ni uchafu ulioganda penye shina la jino, na mara chache ni upungufu wa vitamini C. Mwezi huu tumechagua dalili moja tu, kwa kuwa inawahusu sana watoto wetu wanaozaliwa katika nchi za baridi: jino la kwanza linalokawia kuota.

Kwa kawaida meno mawili ya mbele ya chini huchomoza mtoto anapokaribia miezi 6. Wapo wanaoanza na miezi 4, na wapo wanaongoja hadi karibu na mwaka, nao ni wazima kabisa. Zamani kwetu pwani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego, na watu wakamhofia bure. Mpango huo wa meno si dalili ya upungufu wa kitu chochote. Linalostahili kuangaliwa ni umri. Mtoto akipita mwaka mmoja bila ya jino hata moja, inafaa apelekwe kwa daktari.

Kwa nini vitamini D ihusike na jino? Jino la mtoto huanza kujengwa angali tumboni, na sehemu yake ya juu hukamilika katika mwaka wa kwanza. Ili litoke, mfupa wa taya ulio juu yake hauna budi kuyeyuka na kupisha njia, na mfupa mpya ujengwe chini yake. Kazi hiyo yahitaji kalisi na fosforasi, na utumbo hauwezi kuyachukua madini hayo ya kutosha kutoka katika chakula pasipo vitamini D. Mwaka 1918 huko Uingereza, Bibi May Mellanby alionyesha kwamba watoto wa mbwa waliolishwa chakula kilichokosa vitamini ya mafuta walichelewa kuota meno, na meno yenyewe yakatoka yamepindana na yenye tabaka dhaifu la nje. Upungufu huo huo ndio unaoleta matege.

Sasa tutazame maisha yetu. Sehemu kubwa ya vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Nchini Uingereza, tangu Oktoba hadi mwisho wa Machi, jua huwa chini mno, na hata anayeketi nje mchana kutwa hapati kitu. Miezi iliyobaki, ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe, na mama anayejisitiri kwa buibui na mtandio huacha uso na viganja tu. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, kwani mnururisho unaotakiwa huzuiwa na kioo. Ndugu zetu walioko Ghuba wasidhani wamesalimika: jua lipo tele, lakini joto huwafungia ndani.

Mama akipungukiwa, mtoto huzaliwa na akiba ndogo. Maziwa ya mama ni chakula bora, nasi hatumshauri yeyote ayaache, ila vitamini D iliyomo ni kidogo mno hata kwa mama mwenye afya.

Tuchukue mfano. Mtoto wa kike ana miezi 14. Alizaliwa Novemba, kwa muda wake, familia ikikaa katika ghorofa ya tatu. Amenyonya tangu siku ya kwanza, na sasa anakula uji na wali kwa mchuzi. Hana jino. Bibi yake asema hata babaye alichelewa.

Neno la bibi lina uzito, kwa kuwa kuchelewa kwa meno hurithiwa. Angalikuwa amezaliwa kabla ya siku zake, tungehesabu umri kutoka tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Lakini tusiishie hapo. Tuangalie mwili mzima. Je, anasimama kwa kushika kiti, au hulia akisimamishwa? Vifundo vya mikono vimenenepa? Miguu imepinda kupita kawaida ya watoto wanaoanza kutembea? Utosi ungali wazi sana? Jino peke yake halithibitishi upungufu. Jino pamoja na dalili mbili au tatu kati ya hizi ni jambo lisilongoja.

Daktari atapima damu: kiasi cha vitamini D, kalisi na fosforasi. Vitamini D ikiwa chini ya nanomoli 25 kwa lita, huo ni upungufu wa wazi. Aweza pia kupima tezi ya shingo, kwani nayo ikizembea huchelewesha meno. Upungufu ukithibitika, hutolewa dawa yenye nguvu mara kadhaa kuliko matone ya kawaida, kwa muda wa miezi 3 hivi, pamoja na kalisi. Kipimo hicho ni cha daktari peke yake. Vitamini D ikizidi, kalisi hupanda katika damu, mtoto hutapika, hufunga choo, huwa na kiu isiyokatika, na figo huweza kudhurika.

Mifupa hujirekebisha, na jino hutoka. Jambo moja halirudi: tabaka la nje la jino lililojengwa vibaya halijengwi upya. Meno hayo huwa na mabaka au vishimo, na huoza upesi. Kwa hiyo yapigwe mswaki tangu siku yanapochomoza, kwa dawa ya meno yenye floridi, kipakazo chembamba tu, na chupa ya maji matamu isilale na mtoto.

Kinga ni nyepesi kuliko tiba. Nchini Uingereza mtoto anayenyonya hupewa matone ya vitamini D, maikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku tangu kuzaliwa, na baada ya mwaka mmoja maikrogramu 10. Marekani kipimo cha mtoto chini ya mwaka mmoja ni maikrogramu 10, nacho huandikwa yuniti 400. Mtoto chini ya mwaka anayekunywa zaidi ya mililita 500 za maziwa ya kopo kwa siku hahitaji, maana yamekwisha kutiwa. Mama mjamzito na anayenyonyesha nao wameze maikrogramu 10 kila siku. Tangu 2016 Uingereza imewashauri wenye ngozi nyeusi na wanaojisitiri kufanya hivyo mwaka mzima. Mjamzito asitumie mafuta ya ini la samaki badala yake, kwa sababu yana vitamini A nyingi inayoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Wasomaji wetu watauliza kuhusu halali. Vidonge vingi vya kibonge hufunikwa kwa jelatini, ambayo huenda imetokana na nguruwe. Vitamini D3 yenyewe aghalabu hutolewa katika mafuta ya sufi ya kondoo. Matone ya watoto kwa kawaida hayana jelatini. Hata hivyo soma kibandiko, au muulize mwenye duka la dawa.

Na mtoto mmoja akionekana na upungufu, mama na ndugu zake nao wapimwe, kwani wameishi nyumba moja na kula chungu kimoja.