Kabla ya kufunua mzinga: mpangilio wa video ya mfugaji nyuki anayeanza

Video nyingi za kufundisha ufugaji nyuki huanza na sega linalodondosha asali. Inavutia macho, lakini kwa anayeanza ni hatari, kwa sababu anaona mikono ndani ya mzinga kabla hajasikia neno moja kuhusu nguo, moshi au mahali pa kukimbilia. Tahadhari huwekwa mwishoni, wakati wengi wameshaacha kutazama.

Chukua mfano wa familia ya Manyoni, mkoani Singida, yenye mizinga mitatu. Binti wa kidato cha tatu anaandika maelezo ya video fupi kwa ajili ya binamu zake waliopewa mzinga wao wa kwanza. Rasimu yake inaanza na kufungua mzinga, inaendelea na asali, kisha vifaa, na usalama unakuja mwisho. Baba yake anaisoma na kumuuliza jambo moja: "Mwanangu, anayetazama akifika mstari huu, ana nini mkononi?"

Swali hilo linatosha kupanga video nzima. Kila hatua ije pale tu ambapo mtazamaji ameshapewa kila anachohitaji ili aifanye.

Kwanza, nani asisogee

Maneno ya kwanza yamhusu mtu, nyuki waje baadaye. Binti anaandika: "Kama uliwahi kuumwa na nyuki ukavimba uso, ukapata vipele mwili mzima au ukakosa pumzi, usifungue mzinga. Muone daktari kwanza."

Kisha aeleze dalili hizo zikitokea kazini. Kuvimba mahali palipoumwa ni kawaida. Kuvimba midomo au ulimi, kupumua kwa shida, kizunguzungu au kuzimia si kawaida, na mtu huyo apelekwe hospitali mara moja. Aliyeumwa na nyuki wengi kwa pamoja naye apelekwe, hata kama anajiona mzima.

Hapo hapo video ionyeshe eneo. Nyuki wa kwetu wakikasirika wanaweza kumfukuza mtu kwa mita mia kadhaa. Hivyo watoto wawe ndani ya nyumba, majirani wawe na taarifa, na mbuzi au mbwa aliyefungwa karibu ahamishwe, maana mnyama aliye kwenye kamba hawezi kukimbia. Njia ya kuondokea na chumba cha kujifungia vitajwe kabla mtu hajavaa chochote.

Nguo, kisha moshi

Vifaa vifuate mpangilio wa kuvaliwa: ovaroli ya rangi nyepesi, gambuti, kofia yenye wavu, na glavu mwisho. Mwenzake amkague shingoni, kiunoni na kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu nyuki mmoja akiingia ndani ya wavu, anayeanza hupapasa usoni na kuharibu kila kitu. Anayepiga picha naye avae vivyo hivyo. Kwa kuwa simu nyingi hazisikii kidole chenye glavu, ianze kurekodi ikiwa imesimamishwa kwenye kigingi kabla glavu hazijavaliwa.

Baada ya nguo unakuja moshi, na hapa video isikimbie. Nyuki anapouma huacha harufu inayowaita wenzake, harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Moshi huifunika harufu hiyo, na pia huwafanya nyuki wajaze matumbo asali badala ya kutoka kupigana. Moshi ukizimika mzinga ukiwa wazi, kinga hiyo imeondoka.

Kwa hiyo bomba la moshi liwashwe mapema kwa magunzi au kinyesi kikavu cha ng'ombe, kamwe si plastiki wala mafuta ya taa. Lipulizwe hadi litoe moshi mwingi, mweupe na wa baridi. Kipimo ni rahisi: puliza nyuma ya kiganja kabla ya kuvaa glavu. Ukihisi joto kali au ukaona cheche, ongeza majani mabichi juu. Ndoo ya maji iwe karibu, kwani nyasi kavu hushika moto haraka.

Ukaguzi wa kwanza

Mzinga wao ni sanduku refu lililofunikwa kwa vipande vya mbao vyenye upana wa milimita 32, vilivyopangwa ubavu kwa ubavu. Nyuki hujenga sega likining'inia chini ya kila kipande. Video za nje mara nyingi huonyesha sega lililo ndani ya fremu, ambalo mtu huligeuza atakavyo. Sega la mzinga huu halina fremu. Likilazwa, hukatika na kuanguka pamoja na nyuki wake.

Kwa sababu hiyo baba anashauri sehemu ya kunyanyua kipande ipigwe picha kwanza kwenye mzinga mtupu, mchana, bila haraka. Mtazamaji aone mikono miwili ikinyanyua wima na kurudisha wima.

Mzinga wenye nyuki ufunguliwe wiki kadhaa baada ya kundi kuingia, nyuki wakionekana mlangoni wamebeba chavua miguuni. Kuwasumbua mapema kunaweza kuwafanya wahame. Saa nzuri ni kuanzia kumi na moja jioni: giza likiingia watatulia, na mwanga wa kupiga picha bado upo.

Mkaguzi apulize mlangoni mara tatu au nne, asubiri dakika moja au mbili, kisha aondoe mfuniko. Agonge vipande taratibu. Panaposikika patupu hakuna sega, na hapo ndipo pa kuanzia. Akitoa vipande viwili vitupu anapata nafasi ya kusogeza vingine bila kubana nyuki. Kipande kikigoma kwa sababu sega limeshikana na la jirani, akiache.

Anayeanza hutaka kumtafuta malkia, lakini si lazima amwone. Akisimama jua likiwa mgongoni, atafute mayai ndani ya vitundu, madogo na meupe kama vipande vya uzi. Yai hukaa siku 3 tu kabla ya kuwa buu, kwa hiyo mayai yakionekana, malkia alikuwepo siku hizo hizo. Jibu limepatikana, mzinga ufungwe.

Video itaje pia wakati wa kukatisha kazi: moshi unakaribia kuisha, nyuki wengi wanagonga wavu, au mlio umebadilika kuwa mkali. Mtu akiumwa akwangue mwiba kwa ukucha mara moja, apulize moshi hapo palipoumwa, na kama wanaongezeka wafunge na kuondoka. Nguo zisivuliwe hadi nyuki waache kuwafuata.

Asali isubiri video nyingine

Binti alitaka kumalizia kwa kukata kipande cha sega. Baba akakifuta. Anayeanza akiona asali ikikatwa kwenye ukaguzi wa kwanza, naye atakata, na bado hajui kutofautisha sega la asali na lenye majana, yaani mayai na mabuu. Akikata majana na chakula cha kundi changa, nyuki huhama na mzinga unabaki mtupu.

Picha ya mwisho iwe daftari: tarehe, idadi ya vipande vyenye sega, na kama mayai yameonekana.