BARUA YA ONYO NA ITAJE SIKU NA DAKIKA



Kila mara huja ofisini mwa tawi mwenzetu mwenye barua ya onyo mkononi, ameonywa kwa kuchelewa kazini, naye huuliza neno moja tu: "Nitie sahihi au nikatae?" Twaona yafaa tueleze hapa jinsi barua hiyo inavyopasa kuandikwa, ili kila mtu aweze kuipima mwenyewe kabla ya kuijibu.

Kwanza tuseme lililo kweli. Kuchelewa ni kosa. Mtu wa zamu ya usiku hawezi kwenda zake mpaka mwenzake afike, na dakika 40 za mchelewaji ni dakika 40 za usingizi wa mwenzake. Kwa hiyo chama hakiwezi kusema kwamba mwajiri hana haki ya kuonya. Tunalodai ni kwamba onyo liwe la kweli, na mtu aulizwe kabla halijaandikwa.

Tunadai hivyo kwa sababu barua hiyo haifi ndani ya faili. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kwamba inapopimwa kama mtu ameachishwa kazi kwa haki, mojawapo ya mambo ya kutazamwa ni barua za onyo alizopewa zamani. Basi barua ya leo yaweza kusomwa mbele ya hakimu baada ya mwaka mzima, wakati fomani aliyeiandika amekwisha kuhamishwa na kadi za saa hazionekani. Siku hiyo yatasema yale tu yaliyomo katika karatasi.

Sasa tazameni barua ya namna hii: "Una tabia ya kuchelewa kila mara na huijali kazi. Ukirudia utafukuzwa." Haina siku hata moja. Neno "kila mara" haliwezi kujibiwa, maana mtu hajui ajibu siku gani. "Huijali kazi" ni maneno ya kumpima mtu moyo, si ya kumpima saa. Tena yasema atafukuzwa, kana kwamba shauri limekwisha kukatwa kabla ya kosa kutendeka.

Tuchukue mfano wa barua iliyo sawa. Fundi wa karakana apaswa kuanza kazi saa moja na nusu asubuhi. Kadi yake ya mwezi wa Machi yaonyesha amechelewa mara nne: tarehe 3 dakika 20, tarehe 11 dakika 35, tarehe 14 dakika 15, na tarehe 24 dakika 40. Jumla ni dakika 110. Fomani asiyekuwa mwangalifu angeandika mara nne na kupeleka barua. Lakini huyu anamwita fundi kwanza, mjumbe wa chama akiwapo, na kumwekea kadi mezani. Fundi anasema kwamba tarehe 11 alitumwa stoo moja kwa moja kuchukua vipuri, akapiga kadi aliporudi. Kitabu cha stoo kinafunguliwa, na sahihi yake imo, saa moja na dakika 25. Siku hiyo inafutwa. Zinabaki mara tatu na dakika 75. Kuhusu siku nyingine anasema kwamba matatu zilichelewa, lakini hana la kuonyesha, na wenzake wanaopanda njia hiyo hiyo walifika mapema.

Baada ya hapo ndipo barua yaandikwa, nayo yaweza kuwa fupi hivi:

"Saa yako ya kuanza kazi ni saa moja na nusu asubuhi. Ulifika ukiwa umechelewa tarehe 3 Machi dakika 20, tarehe 14 Machi dakika 15, na tarehe 24 Machi dakika 40. Tarehe 7 Machi fomani alikuonya kwa mdomo. Tarehe 26 Machi tulizungumza nawe mbele ya mjumbe wako. Siku ya tarehe 11 imeondolewa kwa maelezo uliyotoa. Kwa siku nyingine ulisema usafiri ulichelewa. Hatukuona kuwa sababu hiyo yatosha. Hili ni onyo la kwanza kwa maandishi. Unatakiwa ufike kwa saa yako, na ukipata shida njiani umpigie fomani simu kabla ya zamu kuanza. Ukichelewa tena bila sababu, utaitwa kueleza, na hatua zaidi zaweza kufuata kwa mujibu wa mapatano. Waweza kujibu barua hii kwa maandishi, na jibu lako litawekwa katika faili pamoja nayo."

Tazameni mambo mawili katika barua hiyo. La kwanza, yaandika sababu ya mfanyakazi hata kama haikukubaliwa. La pili, yasema "kuchelewa", haisemi "utoro". Tofauti hiyo si ndogo. Kutokuwapo kazini bila ruhusa wala sababu ya haki kumetajwa katika kifungu cha 44 miongoni mwa makosa ambayo mtu aweza kuachishwa kazi kwayo mara moja. Mtu aliyechelewa dakika 15 akiandikiwa kuwa alitoroka kazi, amewekewa kosa lingine kubwa zaidi. Barua kama hiyo irudishwe siku ile ile isahihishwe.

Kuhusu kuulizwa kabla ya onyo, yafaa tusiwadanganye. Kifungu cha 41 kinamlazimu mwajiri kumweleza mtu kosa lake kwa lugha anayoielewa, na kumsikiliza pamoja na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama aliyemchagua, wakati mwajiri anapofikiria kumwachisha kazi kwa kosa. Hakisemi hivyo kwa kila barua ya onyo. Wala sheria haitaji idadi ya maonyo, wala muda ambao onyo ladumu. Mambo hayo yamo katika mapatano yetu na mwajiri na katika kanuni za kazi. Basi kila mjumbe awe na nakala, ajue onyo hufutika baada ya muda gani, na muda huo ukipita aombe kwa maandishi barua iondolewe.

Jambo jingine ni mshahara. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata mshahara usiozidi wa siku moja kwa siku ambayo mtu hakuwapo siku nzima bila ruhusa. Aliyechelewa dakika 20 kisha akafanya kazi mpaka jioni hakukosa siku nzima. Akikatwa siku nzima, alete hati ya mshahara ofisini.

Turudi sasa kwa swali la mwanzo. Kukataa kutia sahihi hakuifuti barua. Huandikwa tu kwamba umekataa. Afadhali uandike: "Nimeipokea, siyakubali yote," utie tarehe na sahihi, uchukue nakala. Kisha ulinganishe kila siku iliyotajwa na kadi yako, na uandike jibu kwa kufuata siku hizo. Usijibu kwa matusi wala kwa kutaja makosa ya wengine. Ikiwa tarehe moja si kweli, sema hiyo si kweli na utaje shahidi au kitabu. Ikiwa tarehe nyingine ni kweli, usiibishie, maana ukibisha iliyo wazi hutasadikiwa hata kwa ile uliyoonewa.

Mjumbe wa karakana yako atakusaidia kuandika. Mwone kabla hujajibu.