Kabla ya Kuandika "Hununuliwa Pamoja", Hesabu Vizuri

Umeona kwenye maduka makubwa ya mtandaoni: unachagua kitu, halafu chini yake unaonyeshwa vitu vingine ambavyo wateja hununua pamoja nacho. Wenye maduka madogo wengi wanataka hiyo pia. Ni sawa kabisa, na huhitaji mtambo wa gharama. Lakini naona wengi wanahesabu vibaya, kisha wanalaumu wateja.

Chukua duka la vifaa vya kuoka. Tuseme lina oda 400 zilizolipwa. Rangi ya keki imo kwenye oda 40. Kati ya hizo 40, unga umo kwenye 24, na mifuko ya kupambia keki imo kwenye 18. Mwenye duka anaona 24 ni kubwa kuliko 18, basi chini ya rangi anaweka unga. Hapo ndipo anapokosea.

Unga unanunuliwa na karibu kila mtu. Tuseme umo kwenye oda 240 kati ya zile 400, yaani asilimia 60. Sasa angalia walionunua rangi: 24 kati ya 40 pia ni asilimia 60. Kwa hivyo rangi haijaongeza hamu ya unga hata kidogo. Mteja huyo angenunua unga tu, uupendekeze usiupendekeze.

Mifuko je? Imo kwenye oda 30 pekee kati ya 400, asilimia 7.5. Lakini kwa walionunua rangi ni 18 kati ya 40, asilimia 45. Gawanya 45 kwa 7.5 unapata 6. Anayenunua rangi ana uwezekano mara sita wa kuchukua mifuko kuliko mteja wa kawaida. Hiyo ndiyo ya kumwonyesha. Ukigawanya hivyo na upate 1 au karibu na 1, achana na hiyo jozi.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwenye jedwali la kompyuta. Kila oda iwe mstari mmoja, kila bidhaa safu yake, na uweke 1 palipo na bidhaa hiyo. Kama rangi iko safu ya B na mifuko safu ya C, jozi zao ni:

```
=COUNTIFS(B:B,1,C:C,1)
```

Kuna mtego mwingine hapa. Kama kitu kimeuzwa mara mbili tu, na mara zote mbili kilienda na mifuko, hesabu itakupa namba kubwa ajabu. Hiyo inaweza kuwa bahati tu. Mimi singeonyesha jozi yoyote ambayo haijatokea angalau mara kumi. Duka likiwa changa, subiri oda ziongezeke, na kwa sasa tumia akili yako ya biashara.

Data nayo iwe safi. Taarifa ya malipo ya simu inakuonyesha jumla ya pesa, haikuonyeshi kilichonunuliwa, kwa hivyo unahitaji orodha ya oda za duka lenyewe. Mteja akikosea PIN mara mbili na kujaribu tena, duka lako linaweza kuandika oda tatu za kikapu kimoja. Ukizihesabu zote, jozi moja imekuwa tatu. Bakisha zilizolipwa pekee. Toa pia oda za vifurushi ulivyovipanga mwenyewe, maana hapo jozi uliitengeneza wewe, si mteja. Na majina na namba za simu ufute kabla ya kuanza. Hazihitajiki kwa hesabu hii, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka usishike zaidi ya unachohitaji.

Mwisho, hili ndilo ninalolisisitiza zaidi: pendekeza, usimwekee mteja kitu kwenye kikapu. Mtu alikuwa anajua analipa shilingi 350. Ombi la PIN likitokea kwenye simu likisema 520, atafikiri anaibiwa, na ana haki ya kufikiri hivyo. Ataghairi, na utapoteza hata ile 350. Acha aguse mwenyewe kitufe cha kuongeza, na aone jumla mpya kabla ombi halijafika.

Utajuaje kama inafanya kazi? Usiangalie ni wangapi walibofya. Wiki hii onyesha pendekezo, wiki ijayo liondoe, rudia hivyo kwa miezi miwili, na hakikisha wiki moja ya mwisho wa mwezi ina pendekezo na nyingine haina, ili wiki hizo zisikudanganye. Linganisha oda za rangi: ni ngapi zilikuwa na mifuko, na ni ngapi zilighairiwa wakati wa kulipa. Kama mifuko haikuongezeka, toa pendekezo hilo. Nafasi kwenye skrini ya simu ni ndogo, usiipe kitu kisichouza.