Kipindi chetu hakina sauti ndogo: barua ya wazi kwa Mkuu wa Ufundi

Ndugu Mkuu wa Ufundi,

Kipindi chetu cha wazee wa dansi wa Morogoro kimerudishwa hapa Mzinga na maelezo ya mstari mmoja: sauti ni ndogo, iongezwe ilingane na matangazo. Mstari huo umetunyima mkataba wa msimu mzima. Yaliyosemwa kikaoni unayajua, na jina la kituo chako silitaji. Ninachopinga ni kipimo mlichotumia, kwa sababu kipimo hicho ndicho kinachomfanya mzee aongee hewani na asisikike.

Mita mnayoitazama studio inaonyesha kilele, yaani sehemu ya juu kabisa ambayo wimbi la sauti limefika hata kama ni kwa chembe ya sekunde. Kilele kina kazi yake. Kwenye mitambo ya dijitali dari ni 0 dBFS, na wimbi likiligonga linakatwa kichwa na sauti inakwaruza. Lakini sikio halipimi kilele. Pigo moja la ngoma linafika juu na kushuka kabla sikio halijajumlisha nguvu yake, ilhali tangazo lililominywa kwa kompresa na limita linakaa karibu na dari tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Vilele vyao vinalingana, lakini masikioni moja ni ukelele na jingine ni pigo lililopita. Wakulima wa Uluguru wanaijua hila hii kwa jina la lumbesa: kwenye hesabu gunia ni moja, ila limeshindiliwa na kuvimbishwa juu hadi lizidi. Serikali ilipoamua kuikabili lumbesa ilidai mizani, kwa kuwa kuhesabu magunia hakuonyeshi kilichomo. Matangazo yenu ni lumbesa ya sauti, na ninyi bado mnahesabu magunia.

Fundi wenu mmoja alijibu kikaoni kwamba mnapima wastani pia. Wastani wa kawaida wa nguvu unakaribia ukweli, lakini nao unakosea kwa njia mbili. Kwanza, unaihesabu besi nzito sawa na sauti ya kati, ilhali sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya kilohezi 2 na 5, palipo na makali ya konsonanti na makali ya msoma tangazo. Besi inaweza kuujaza wastani bila kumfikia kabisa mwenye redio ndogo ya mezani. Pili, unaujumlisha ukimya. Mzee anayetafakari kabla ya kujibu anashusha wastani wa kipindi kizima, na mita inamwadhibu kwa kufikiri. Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa mwaka 2006 kipimo cha BS.1770, ambacho Ulaya ilikijengea pendekezo la R 128 mwaka 2010. Katika toleo lake la sasa, kipimo hicho kwanza huchuja sauti, kikipunguza besi ya chini na kuongeza kiasi sehemu ya juu, kwa kufuata sikio. Kisha huikata katika vipande vya milisekunde 400 vinavyopishana, hutupa vilivyo chini ya -70, na mwisho hutupa vile vilivyo chini ya wastani wa vilivyobaki kwa zaidi ya desibeli 10. Kinachobaki ndicho kinachosikika, nacho husomwa kwa LUFS.

Sasa tukipime kipindi kilichokataliwa. Kina -23 LUFS, kiwango kile kile cha R 128, na kilele chake ni -3. Tangazo lililotangulizwa mbele yake lina -9 LUFS na kilele cha -1. Kanuni yenu inataka kila faili lipandishwe hadi kilele cha -1. Basi kipindi kinapanda desibeli 2 tu na kufika -21, tangazo linabaki -9, na pengo kati yao ni desibeli 12. Kwa sikio, desibeli 10 ni karibu mara mbili ya ukubwa wa sauti. Msikilizaji anashtuka, anapunguza redio hadi tangazo limkae vizuri, halafu mzee anaanza kuongea akiwa chini kwa desibeli 12. Mvua ikipiga bati, mzee hasikiki. Sufuria zikigongana jikoni, mzee hasikiki. Mwisho wa sentensi zake, pale anapotaja nani alipiga gitaa gani katika Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, hasikiki hata nyumba ikiwa kimya.

Mlitaka tumpandishe sisi. Kutoka -23 hadi -9 ni kuongeza desibeli 14, na kilele cha -3 kingefika +11, mahali ambapo dijitali haina nafasi. Ili kirudi -1, lazima limita iponde vilele kwa desibeli 12. Ngoma inapoteza mguso, konsonanti zinabapa, na kila mzee anaponyamaza, chenene na upepo wa dirishani vinapanda kuijaza nafasi. Hapo angekuwa na sauti kubwa, na maneno yake yasingeeleweka. Dawa ni kushusha tangazo kwa desibeli 14. Kilele chake kitakuwa -15, chini sana kuliko cha kipindi, na hakuna ubaya wowote: yatasikika sawa.

Mnasema prosesa iliyo kabla ya transmita inasawazisha kila kitu. Inasawazisha kwa kukimbizana na kilichokwisha kupita. Ikitoka kwenye tangazo la -9 imejibana, mzee anaanza akiwa amefinywa, kisha inamvuta juu polepole pamoja na kelele zote zilizo nyuma yake. Ipeni sauti zilizokwisha kulingana na kazi yake itakuwa ndogo. Hoja yenu kuhusu wanaosikiliza ndani ya daladala naikubali zaidi: ndani ya gari linalonguruma, tofauti pana kati ya neno la chini na la juu haifai. Basi chagueni -18 au -16, na mbane tofauti hiyo kwa kiasi. Lililo muhimu ni kwamba tangazo, wimbo na mzee vikae kwenye namba moja. Kuhusu hofu ya kuwapoteza wanaolipia matangazo, Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 inayodhibiti ukubwa wa sauti ya matangazo ya televisheni, ikaanza kutumika Desemba 2012, na matangazo hayajakoma huko. Udhaifu wa kweli wa kipimo hiki hamkuutaja: tangazo la sekunde 30 linaweza kunong'ona mwanzoni na kupayuka mwishoni huku jumla yake ikiwa halali. Kwa hiyo matangazo mafupi yapimwe pia kwa dirisha la sekunde 3, na Ulaya imeweka mpaka wa -18 hapo.

Gharama haiwezi kuwa kisingizio. Programu ya bure inatoa namba zote kwa amri moja, na kompyuta yenu ya kuchezea matangazo inaiweza:

```
ffmpeg -i kipindi.wav -af ebur128=peak=true -f null -
```

Mstari wa `I:` ndio ukubwa wa sauti unaosikika, na `Peak:` ndicho kilele. Toeni ya kwanza kwenye namba mliyochagua, na tofauti hiyo ndiyo desibeli za kuongeza au kushusha.

Kwa hiyo nadai kipindi kipimwe upya kwa LUFS mbele yetu, pamoja na tangazo lililotangulizwa, na mkataba ujadiliwe kwa namba hizo. Nadai barua ya kukataa ifutwe kwenye jalada. Na kwa kuwa kituo chako hakiko peke yake katika tabia hii, naiomba Mamlaka ya Mawasiliano, inayogawa masafa, iandike ndani ya masharti ya leseni kiwango kimoja cha LUFS kwa vipindi na matangazo, na ikague kwa kurekodi saa nzima ya hewani bila kuwaarifu wenye kituo. Faili letu halijaguswa. Liko tayari, -23, kilele -3.

Mtayarishaji wa vipindi,
Mzinga, Morogoro