Ada ya Kurejesha Bidhaa Isiyo na Kasoro

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Msomaji wetu, mama wa nyumbani, ameleta swali lifuatalo. Alinunua pea tatu za mapazia. Bei iliyobandikwa ilikuwa shilingi 4,000 kwa pea, na kwa kuwa alichukua tatu alipunguziwa asilimia 10. Akalipa 10,800, na juu yake 300 za kuletewa nyumbani. Siku ya tatu akarudisha pea moja ikiwa bado imefungwa, kwa sababu haikuwiana na rangi ya chumba. Duka likampa 3,060. Yeye alitarajia 4,000, na anauliza iwapo amedhulumiwa shilingi 940.

Tuzitazame fedha zenyewe kwanza. Kinachorudishwa ni kile kilichotoka mfukoni mwake, wala si bei iliyobandikwa. Baada ya punguzo, kila pea ilimgharimu 3,600. Zile 400 za mwanzo hakuzilipa kamwe, basi hana cha kurudishiwa hapo. Risiti yake ina sharti kwamba bidhaa isiyo na kasoro ikirudishwa, duka litakata asilimia 15. Asilimia 15 ya 3,600 ni 540. Toa 540 katika 3,600, zitabaki 3,060. Hesabu ni sahihi. Ama zile 300 za usafiri, kazi yake imekwisha kufanyika na mapazia yalifika, kwa hiyo hazimo katika hesabu.

Palipo na makosa mara nyingi ni kwenye kiasi ambacho asilimia inakatwa. Lau duka lingekata asilimia 15 ya 4,000, ada ingekuwa 600, na mama angepoteza 60 pasipo haki. Lau lingekata katika risiti nzima, ingekuwa kumtoza kwa pea mbili alizobaki nazo. Aidha, baadhi ya maduka huandika kwamba punguzo huondoka iwapo idadi itapungua. Hapo pea mbili zilizobaki huhesabiwa 8,000, na kinachosalia katika 10,800 ni 2,800 kabla ya ada. Sharti hilo likiwa halikutajwa wakati wa kununua, duka halina haki ya kulizusha siku ya kurudisha.

Na kwa nini ada iwepo? Bidhaa iliyorudi hukaguliwa, hukunjwa na kufungwa upya, na huingizwa tena katika daftari la ghala. Ikiwa imefunguliwa, huenda ikauzwa kwa bei ya chini. Gharama hiyo haikusababishwa na muuzaji.

Sasa tuje kwenye hukumu. Kurudisha bidhaa isiyo na kasoro kwa ridhaa ya pande zote mbili huitwa iqala. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, amemsifu anayemkubalia mwenzake aliyejutia mauzo, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah kutoka kwa Abu Huraira. Iqala ni hisani, muuzaji halazimiki. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii, iqala ni kuvunja mauzo, na mauzo yakivunjwa hurudi bei ileile, bila nyongeza wala upungufu. Kwa hiyo makato ya asilimia 15 hayaingii katika iqala.

Njia iliyo wazi ni kuyafanya mauzo mapya. Mama amekwisha kulipa na kupokea mapazia, ni mali yake. Anaweza kuliuzia duka pea moja kwa 3,060, wakikubaliana siku hiyo ya kurudisha. Jambo la kuangaliwa ni ridhaa: duka limtajie kiasi kabla ya kuipokea pea, naye awe huru kukataa na kubaki nayo. Madhehebu ya Maliki huihesabu iqala yenyewe kuwa ni mauzo, ndiyo maana kwao suala hili lina wasaa zaidi.

Haya yote ni kwa bidhaa salama. Kama pazia lina tundu ambalo hakuliona, au aliagiza rangi ya maziwa akaletewa ya kijivu, mlango ni mwingine. Hapo mnunuzi ana khiyari ya kurudisha na kupata bei yake kamili, na ada haina nafasi hata ikiwa imeandikwa kwenye risiti. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Basi mama anaporudisha kitu, aeleze sababu kwa ukweli na ahakikishe imeandikwa hivyo, kwani sababu hiyo ndiyo inayoamua kama atapokea 3,060 au 3,600.

Kwa jawabu la swali: mama yetu hakupunjwa katika hesabu. Linalobaki ni kama aliambiwa ile 3,060 kabla ya kuikabidhi pea, akaridhia. Ikiwa aliambiwa, muamala umetimia. Ikiwa hakuambiwa, ana haki ya kurudi dukani na kudai ama pea yake, ama makubaliano mapya.

Wallahu aalam.