Mwandikie, usimrekodie

Kijana wa Gatwekera anayemtaka binti kiziwi asimtumie ujumbe wa sauti. Huo kwake ni mlango uliofungwa. Aandike, lakini kwanza aulize: "Tuandikiane kwa lugha gani?" Shuleni, wanafunzi viziwi wa Kenya huruhusiwa kufanya mtihani wa Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili, kwa hiyo Sheng tunayoiokota barabarani kwa masikio huenda ikampita, hata akiwa msomi. Mzaha nao hupotea, maana utani wetu mwingi umo katika sauti. "Wewe ni mbaya sana" ikisemwa kwa kicheko ni sifa. Ikiandikwa ni tusi. Basi aseme wazi: "Nimekupenda. Tunywe chai Jumamosi, saa kumi jioni, pale steji ya Olympic. Utakuja?" Jambo moja, mahali, saa, swali. Binti akijibu "sawa" tu kwa kila ujumbe, huenda hajaelewa, au hataki. Aulizwe tena mara moja tu, kwa maneno mengine. Akikataa, aachwe. Akikubali, wachague kibanda chenye mwanga, mikono na nyuso zionekane, na kijana aanze kujifunza ishara.